Usifute faili la "sync-conflict" kabla ya kulifungua

Somo hili ni kwa makatibu na makarani wa vyama vya korosho wanaotumia Syncthing kusawazisha folda moja kwenye laptopu kadhaa. Aina ya folda iwe Send & Receive kote, ili kila mmoja aandike na kupokea.

Tuchukue mfano. Karani yuko ghalani Tandahimba, hana mtandao, anaongeza mstari wa mkulima mwenye kilo 412. Mhasibu yuko Mtwara mjini, anasahihisha namba ya akaunti kwenye faili lilelile. Laptopu zikikutana, Syncthing haiunganishi mistari. Faili lenye muda mpya zaidi wa kuhifadhiwa linabaki na jina lake, la zamani linapewa jina hili:

```
mapokezi.sync-conflict-20241105-164210-K7QW2LM.xlsx
```

Watu wengi husoma vibaya tarehe hiyo. Ni wakati nakala ilipotengenezwa, si wakati mtu alipoandika. Herufi saba za mwisho ni mwanzo wa utambulisho wa laptopu mojawapo iliyohusika. Zisikufanye uhukumu nakala ni ya nani. Fungua uone yaliyomo.

Ukaguzi awe nao mtu mmoja, na wengine wafunge faili kwanza. Azitafute nakala kwa Command Prompt ya Windows, akiwa ndani ya folda:

```
dir /s /b *sync-conflict*
```

Kisha afungue mafaili yote mawili sambamba. Hapa mstari wa kilo 412 upo kwenye nakala tu, na akaunti sahihi ipo kwenye faili kuu. Anahamishia mstari kwenye faili kuu, anajumlisha upya kilo, anahifadhi. Akishathibitisha jumla, ndipo nakala aihamishie folda ya Migongano kwa jina linaloeleweka:

```
mapokezi_2024-11-05_karani_IMEKAGULIWA.xlsx
```

Kabla ya ukaguzi asibadilishe jina, maana neno sync-conflict ndilo linaloonyesha kazi iliyobaki.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mimi nilihifadhi wa mwisho kabisa, mbona kazi yangu ndiyo imegeuka nakala?*

Angalia saa ya laptopu yako, dada. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma kila unapozima, na faili lako linaonekana la zamani. Rekebisha saa kabla ya kufungua kazi.

*Nikifuta nakala kwangu, kwa wenzangu inabaki?*

Haibaki. Ikishatengenezwa inasambazwa kama faili la kawaida, na ukiifuta inafutika kote. Ndiyo maana nasisitiza mkaguzi mmoja.

*Tukiziacha zirundikane hadi mwisho wa msimu?*

Hatari. Kwa mpangilio wa kawaida Syncthing hutunza nakala 10 kwa kila faili, zikizidi inaondoa za zamani. Msimu wa minada kagueni kila jioni, kabla ya kupeleka orodha ya malipo.