Mzigo wa kupinda wa nguzo ya chuma: chini imekazwa, juu ina bawaba

Tuchukue paipu ya mraba ya 100 × 100 × 5 mm, urefu wake mita 5. Chini imekazwa kwenye msingi wa zege, juu imeshikwa kwa bolti moja inayoiruhusu kuzunguka. Tunatafuta mzigo utakaoifanya ipinde pembeni.

Hatua ya 1: Sifa za paipu. E, yaani ugumu wa chuma, ni 200,000 N/mm². Eneo ni 1,900 mm², na I, kipimo cha jinsi umbo la paipu linavyokataa kupinda, ni (100⁴ − 90⁴)/12, yaani 2.866 × 10⁶ mm⁴. Tumia nyutoni na milimita tu, mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Chagua K, namba inayorekebisha urefu kulingana na jinsi ncha zilivyoshikwa. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Jedwali linatoa 1.0 kwa bawaba pande zote mbili, 0.5 kwa ncha zote zilizokazwa, na 0.7 kwa nguzo yetu. Namba hizo zinatokana na umbo la nguzo inapopinda: KL, yaani K mara urefu L, ni umbali kati ya sehemu mbili ambazo momenti, yaani nguvu ya kupindisha, ni sifuri. Kwetu, moja ipo kwenye bawaba ya juu, na nyingine iko ndani ya nguzo, takribani mita 3.5 chini yake.

Lakini 0.7 ni halali ikiwa tu kichwa cha nguzo hakiwezi kusogea pembeni. Kabla ya kuangalia bolti, tafuta kinachokizuia: mihimili ya mshazari au ukuta imara. Kisipokuwepo, bawaba ya juu haisaidii kitu na K inakuwa 2.0.

Kisha kagua kitako. Sahani nyembamba yenye bolti mbili katikati itazunguka kidogo hata kama mchoro unasema imekazwa. Kukaza kikamilifu ni nadra, ndiyo maana kanuni za AISC, taasisi ya Marekani ya ujenzi wa chuma, zinapendekeza 0.80 badala ya 0.7. Mimi hutumia 0.80 kila mara, na kitako nisichokiamini nakihesabu kama bawaba.

Hatua ya 3: Fomula ya Euler inayotoa mzigo wa kupinda, P.

```
P = π² E I / (K L)²
```

K ikiwa 0.7 tunapata 462 kN, 0.80 inatoa 354 kN, 1.0 inatoa 226 kN. Kichwa kikiwa huru kusogea, inabaki 57 kN tu. Paipu ni ileile.

Hatua ya 4: Pima mkazo. Gawanya P kwa eneo. 462 kN inaleta 243 N/mm², wakati chuma cha kawaida huanza kuharibika umbo bila kurudi kikifika 250 N/mm². Euler anadhani nguzo imenyooka kikamilifu na chuma bado kinarudi katika umbo lake, kwa hiyo ukikaribia kikomo hicho jibu lake ni kubwa mno. Hata kwa 0.80, mkazo wa 186 N/mm² bado uko juu. Pitisha jibu kwenye grafu ya AISC ya nguvu ya nguzo: 354 kN inashuka hadi kama 271 kN, kabla ya kuweka kipengele cha usalama.