Akiba ya dharura kabla ya hisa: namna ya kuikadiria na mahali pa kuiweka

Katika kazi yangu ya kuwasaidia watu kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, wateja walioumia zaidi hawakuwa wale waliochagua kampuni mbaya, bali wale waliochagua kampuni nzuri kisha wakalazimika kuziuza hisa zake wakati usiofaa. Kwa hiyo, kabla ya kumjazia mtu fomu, humwuliza kwanza ana fedha kiasi gani ambazo anaweza kuzishika mkononi wiki hii.

Tuseme umenunua hisa za 2,000,000, bei ikashuka kwa asilimia 20, na mwezi huohuo mtoto akalazwa. Hisa zako sasa zina thamani ya 1,600,000, na ukiziuza utakatwa ada za dalali na za soko, ambazo kwa muuzaji mdogo hukaribia asilimia 2. Hata mnunuzi akipatikana leo, malipo hukamilika siku tatu za kazi baada ya mauzo. Tatizo kubwa zaidi ni mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa zipo kampuni sokoni kwetu ambazo hisa zake hupita siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na mwenye haraka hulazimika kushusha bei. Ukiuza kabla ya tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, unapoteza pia gawio ulilolisubiri mwaka mzima.

Hatua ya 1: Hesabu matumizi yasiyoepukika, si mshahara. Chukua familia inayoishi katika nyumba ya kupanga, baba ni karani katika kampuni binafsi na mama anauza chakula. Kwa mwezi wanatumia chakula 350,000, kodi 150,000, umeme, maji na gesi 70,000, nauli 80,000, na 50,000 za mzazi kijijini, jumla 700,000. Fedha za mzazi nimeziweka kwa makusudi, kwa sababu anayezitegemea hataacha kula eti mtoto wake amepoteza kazi.

Hatua ya 2: Amua idadi ya miezi, kisha itazame kalenda. Kwa mwajiriwa wa kudumu serikalini naona miezi mitatu inatosha, na kwa anayeishi kwa biashara peke yake miezi sita. Familia yetu iko katikati. Miezi mitatu ingekuwa 2,100,000, lakini mwenye nyumba wao hudai kodi ya miezi sita kwa pamoja, yaani 900,000. Baba akiachishwa kazi mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, na biashara ya mama nayo ikasimama, miezi hiyo mitatu itawagharimu 1,650,000 za matumizi mengine pamoja na kodi yote 900,000, jumla 2,550,000. Akiba iliyoonekana kutosha ingepungukiwa 450,000. Ndiyo maana ningewashauri waweke ya miezi minne, yaani 2,800,000.

Hatua ya 3: Igawe kulingana na kasi ya kuipata. Laki tatu zikae kwenye simu au akaunti ya kawaida, kwa ajili ya usiku wa hospitali. Kiasi cha mwezi mmoja kikae katika akaunti ya akiba ya benki, ikiwezekana isiyo na kadi. Kinachobaki kinaweza kuwekwa katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye ukwasi, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao hulipa ndani ya siku chache za kazi.

Kiwanja si akiba ya dharura. Fedha za VICOBA pia nisingezihesabu, kwa kuwa hugawanywa mwisho wa mzunguko. Na akiba ya SACCOS kwa kawaida ni dhamana ya mkopo, ambayo huwezi kuitoa yote bila kujitoa uanachama.

Hatua ya 4: Ijaze kwanza. Familia hii ikiweka 200,000 kila mwezi, itafika baada ya miezi 14. Najua ni muda mrefu kwa anayeona bei zikipanda, lakini sipendekezi kununua hisa katikati ya safari. Ikishajaa, usiendelee kuirundika, kwani mfumuko wa bei huila fedha iliyolala; kuanzia mwezi wa 15 laki mbili zote ziende kwenye hisa.

Hatua ya 5: Itambue dharura. Ukiona unaitoa kila Januari kwa ajili ya ada ya shule, hiyo ni gharama inayojulikana, ifungulie fungu lake. Dharura halisi ikitokea, chukua bila kusita, acha hisa ulizo nazo zikae, na simamisha ununuzi mpya hadi akiba irudi 2,800,000.