Utabiri wa mafuriko ya Mto Tana: chomeka mti wako wa alama kwanza

Mkulima wa ukingoni mwa Tana, kuanzia Garissa kushuka Bura na Hola hadi Garsen, siku hizi anaweza kuangalia kwenye simu mto utakavyokuwa kwa siku 7 zijazo. Ukurasa wa Flood Hub wa Google haulipishwi, na unaonyesha mstari wa maji ukipanda na kushuka siku baada ya siku. Shida ni kwamba sehemu nyingi mstari huo umeandikwa kwa mita za ujazo za maji kwa sekunde. Hakuna anayelima kwa kipimo hicho. Mkulima anataka kujua kama maji yatafika kwenye pampu, kama yatavuka tuta na kuingia kwenye mahindi, na yatakaa siku ngapi. Simu haijui pampu yako iko wapi. Hilo utalijua wewe, na kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tuelewe utabiri wenyewe unatoka wapi. Kompyuta hii haikupewa kanuni za mto huu au ule. Ilipewa rekodi za vituo 5,680 vya kupimia mito duniani, pamoja na mvua, joto, udongo na mteremko wa kila bonde, ikajifunza yenyewe jinsi mvua inavyogeuka kuwa maji ya mto. Ndiyo maana inaweza kukadiria hata mto usio na kipimo. Watafiti wake walichapisha matokeo mwaka 2024: kwa mafuriko makubwa, utabiri wao wa siku 5 mbele ulitegemeka sawa na makadirio ya siku ileile ya mfumo wa kimataifa uliokuwa ukitumika, na kwa Afrika hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, maana huku vipimo vya mito ni vichache.

Utakutana na viwango vitatu: tahadhari, hatari, na hatari kubwa mno. Vimewekwa kwa kuangalia maji ya aina hiyo huja mara ngapi: takriban mara moja kwa miaka 2, kwa miaka 5, na kwa miaka 20. Hapa wengi hupotea. Maji ya miaka 5 hayahesabu miaka mitano ndipo yarudi; kila mwaka yana nafasi moja kati ya tano. Tana ilifurika mwishoni mwa 2023, na kabla watu hawajamaliza kurudi mashambani ikafurika tena Aprili na Mei 2024. Aliyesema "yetu tumeshayapata" alipanda mahali pa hatari.

Sasa kuna jambo ambalo kwa Tana lina uzito kuliko yote: mabwawa. Juu yetu kuna Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Msimu ukianza Masinga likiwa chini, mvua kubwa ya milimani huishia humo, na utabiri unaweza kutisha bila maji kufika. Bwawa likishajaa, mvua hiyohiyo hupita moja kwa moja hadi kwetu. Mashine iliyojifunza kutokana na mvua na mito haioni mlango wa bwawa ukifunguliwa. Kwa hiyo usisome Flood Hub peke yake. Uliza maji ya Masinga yamefika kimo gani, maana bwawa hilo hujaa yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na usikilize tangazo la KenGen, kampuni inayozalisha umeme kwenye mabwawa hayo, kwamba maji yameanza kumwagika. Likiwa limejaa, chukulia kila onyo kwa uzito wa juu zaidi. Likiwa na nafasi ya mita kadhaa, ngoja dalili ya pili kabla ya kufanya jambo la gharama.

Jambo lingine lisilomo kwenye utabiri huu ni maji ya ghafla ya laga na makorongo. Mfumo huu ni wa mito mikubwa inayopanda kwa siku. Maafa ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024 yalitokea usiku, baada ya maji yaliyozuiwa chini ya tuta la reli kulipua kizuizi. Hakuna mstari wa siku 7 ambao ungeyaonyesha. Kama shamba lako liko kwenye mdomo wa laga, ramani ya mto isikulaze usingizi.

Tufike shambani. Tafuta mti mgumu usiooza haraka, au bomba la chuma, ulichomeke imara ukingoni mahali unapoweza kulifikia wakati maji yakipanda. Lichore kila sentimita 20. Kisha weka alama tatu za rangi: maji yakifika hapa pampu inalowa, yakifika hapa yanavuka tuta, yakifika hapa yanaingia nyumbani. Kimo cha tuta na nyumba unaweza kukihamishia kwenye mti kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama mafundi wa ujenzi wanavyofanya. Alama za matope ya mafuriko ya 2023 na 2024 huenda bado zipo kwenye kuta na miembe. Waulize wazee, uziongeze.

Kila asubuhi ya msimu wa mvua andika kwenye daftari maji yako wapi kwenye mti, na kando yake andika utabiri wa Garissa wa siku hiyo. Baada ya msimu mmoja utaona kitu ambacho hakuna kompyuta iliyokuandikia: kilele kikipita Garissa, kwako kinafika baada ya siku ngapi. Kadiri unavyoshuka kuelekea Garsen, ndivyo mto unavyotapanyika bondeni. Kilele huchelewa na hupungua, lakini maji hukaa muda mrefu zaidi. Kwa mahindi, kukaa ndiko kunakoua.

Tuchukue mfano wa mkulima wa chini ya Hola ambaye daftari lake linaonyesha siku 4 kutoka Garissa. Jumatatu utabiri unaonyesha kilele cha Garissa Jumapili, juu ya kiwango cha hatari. Kwake hiyo ni Alhamisi ya wiki inayofuata. Ana siku 10. Ana pampu ya shilingi 45,000, na ekari moja ya mahindi ambayo bado wiki tatu yakauke.

Kuihamisha pampu na kuirudisha, pamoja na vibarua, kunamgharimu shilingi 1,500. Gawanya 1,500 kwa 45,000: unapata moja kwa thelathini. Hata kama onyo hilo lingetimia mara moja tu kati ya thelathini, bado angekuwa hajapoteza kitu kwa kuihamisha kila mara. Pampu inaondoka Jumatatu hiyohiyo, bila mjadala.

Mahindi ni hesabu nyingine. Akiyavuna sasa mabichi ya kuchoma, tuseme anapata 12,000. Akiyaacha yakauke anapata 20,000, na maji yakiingia hapati kitu. Kuvuna kunamfaa pale tu nafasi ya mafuriko inapozidi 4 kati ya 10. Utabiri mmoja wa siku ya 7 haujafika hapo. Anangoja, lakini kwa mpango. Jumanne na Jumatano onyo bado lipo na halijashuka. Alhamisi linatoka tangazo kwamba bwawa linamwaga. Ijumaa kipimo cha Garissa, kile kituo cha 4G01, kinapanda kweli. Jumamosi anaanza kuvuna, akiwa na siku tano mkononi. Badilisha bei ziwe za sokoni kwako, njia ni ileile: jambo la bei ndogo lifanye kwa onyo la kwanza, jambo la bei kubwa lingoje dalili zikubaliane.

Na onyo lisipotimia? Liandike kwenye daftari pamoja na sababu, kama bwawa lilikuwa na nafasi au mvua ilikwenda kwingine. Ila usihukumu kwa mara mbili au tatu. Idadi hiyo haitoshi kusema mfumo ni mzuri au mbaya.

Haya yote ni ya mtu mwenye simu kubwa na bando. Mama anayelima ng'ambo na simu ya tochi atajuaje? Rasmi, onyo hutoka Idara ya Hali ya Hewa, likafika kwa mkurugenzi wake wa kaunti, likashuka kwa machifu, redio, Msalaba Mwekundu na vikundi vya WhatsApp. Nimeona mara nyingi linavyoharibika njiani. Tarehe inadondoka, na onyo la mwezi uliopita linazunguka tena. "Kaunti ya Tana River" inabaki bila kijiji. Au linasemwa Kiswahili cha ofisini kwa watu wanaozungumza Kipokomo na Kiorma. Huko Bihar, India, ambako watu wa kujitolea wa vijijini walipokea onyo na kulipeleka mlango kwa mlango, onyo liliwafikia watu wengi zaidi. Kila kijiji kiwe na wawili, mmoja wao mwanamke, na msikiti au kanisa litoe kipaza sauti. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Jumatano 8 Mei, saa 1 asubuhi. Maji ya Tana yanatarajiwa kuvuka alama ya pili kwenye mti wa kijiji kufikia Jumapili. Hamisha pampu na mbuzi leo. Barabara ya chini itafungwa Jumamosi jioni. Ujumbe mwingine kesho saa 1. Umethibitishwa na chifu."

Hauna mita za ujazo hata moja. Una mti ambao kila mtu anaujua.

Kwa ukame utabiri huja taratibu zaidi. Mamlaka ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi, na moja ya vipimo vyake ni ukijani wa malisho unaoonekana kwa setilaiti ukilinganishwa na miaka iliyopita. Kipimo cha miezi mitatu kikishuka chini ya 35 huhesabiwa kuwa ukame, chini ya 20 ukame mkali. Mashine zimefundishwa kukitabiri wiki chache mbele, muda wa kutosha kuuza dume kabla bei haijaanguka. Lakini huku kwetu kuna mathenge. Mti huo hubaki kijani nyasi zikiisha, na setilaiti huweza kuhesabu kijani chake kama malisho. Kabla ya kuamini namba nzuri, waulize wachungaji ng'ombe wanatembea umbali gani kufika kwenye nyasi, na maziwa yamepungua kiasi gani. Umbali ukiongezeka kila wiki huku namba imetulia, wafuate wachungaji.

Maji ya mto yakianza kushuka, endelea kusoma mti kila asubuhi. Ukiona yameshuka siku tatu mfululizo, utabiri hauna kilele kingine na bwawa limeacha kumwaga, tayarisha mbegu ya kunde na mahindi ya muda mfupi, maana udongo ulioachwa na maji una unyevu wa kuotesha bila pampu. Dalili moja kati ya hizo tatu ikikosekana, mbegu ibaki ghalani.