SOMO: Mgeni kashikwa na polisi, ubalozi wake haujaambiwa, unafanya nini

Wadau habari zenu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Nairobi, seli za vituo naziingia karibu kila wiki, na kitu kimoja kinachoniuma sana ni wageni kukaa ndani siku tatu nne bila ubalozi wao kujua lolote. Sheria yenyewe si ngumu, ni kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonsula. Nitawaelezea kwa kesi niliyoishika mwenyewe, kituo sitakitaja.

Kijana wa Bukavu alikuja Nairobi kununua vitenge vya kuuza kwao, akashikwa Ijumaa jioni kwa madai ya kupokea mali ya wizi. Mimi nilifika Jumapili baada ya misa manake mwenye nyumba aliyompangisha chumba ndiye alinipigia.

Hatua ya 1: tafuta ni saa ngapi polisi walijua ni mgeni. Wengi hapa wanaruka. Polisi hawadaiwi kubahatisha uraia wa mtu, ila wakishajua, au wakiwa na sababu ya kudhani ni mgeni, saa inaanza kuhesabu. Nikamwomba afisa wa zamu anisomee OB, na pale pale kwenye maandishi ya Ijumaa saa moja na dakika arobaini usiku palikuwa pameandikwa "Mkongo", na pasipoti imeorodheshwa na simu na mkanda. Basi hapo hakuna wa kuniambia hawakujua. Nikanakili namba ya OB, saa, na jina la aliyeandika.

Hatua ya 2: muulize mwenyewe, na umuulize hivi. Swali la kwanza si "unataka ubalozi?" Swali la kwanza ni "kuna mtu alikuambia una haki ya ubalozi wako kujulishwa?" Hayo ni mambo mawili na watu wanayachanganya. Polisi wana wajibu wa kumwambia haki hiyo wao wenyewe, bila kungoja aulize, na bila kuchelewa. Akishaambiwa akisema anataka, ndio wanapaswa kuujulisha ubalozi. Huyu kijana alinijibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu kwamba hakuna aliyemwambia, na nadhani ndio ilimponza, kwa sababu anaongea Kiswahili wakamchukulia kama mtu wa hapa hapa. Kumbe karatasi aliyowekewa asaini ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoijua, na aliisaini Jumamosi asubuhi.

Hatua ya 3: ombi liwe la maandishi. Tuliandika mistari mitatu: jina, namba ya pasipoti, naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe, tarehe na saa. Nakala moja kituoni ipigwe muhuri, moja ubaki nayo. Alafu wewe mwenyewe piga simu ubalozini, usingoje mtu. Lakini shika hili: simu yako haifuti kosa la polisi.

Hapo ndipo inaingia kesi ya Diallo, na ni ya Afrika hii hii. Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, alikuwa mfanyabiashara Kongo miaka mingi. Alishikwa Novemba 1995, akakaa ndani siku 66 mfululizo, akaachiliwa, akashikwa tena Januari 1996 na kufukuzwa nchini. Guinea ikaipeleka Kongo Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague (si ile ya kesi zetu za baada ya uchaguzi wa 2007, hii ni ya nchi kwa nchi). Kongo ikasema mwenyewe hakuomba, na tena balozi wa Guinea alikuwa anajua. Mwaka 2010 mahakama ikakataa yote mawili: kutoomba si kisingizio kama hukumwambia, na balozi kusikia kwa njia nyingine hakuondoi wajibu wako.

Hatua ya 4: sema mahakamani siku ya kwanza kabisa. Katiba yetu kifungu cha 49 inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa korti basi siku ya korti inayofuata, kwa huyu ilikuwa Jumatatu. Nilimpa wakili karatasi yetu na namba ya OB, akasimama kabla mashtaka hayajasomwa, akamwambia hakimu kijana hajaambiwa haki yake na haelewi alichosaini. Hakimu akaamuru ubalozi ujulishwe siku hiyo hiyo na mkalimani atafutwe, kesi ikasogezwa hadi Alhamisi.

Usiliweke hili la rufaa. Ndugu wawili Wajerumani, akina LaGrand, walishikwa Arizona 1982 na ubalozi mdogo wao ukajua 1992, tena kwa kuambiwa na ndugu wenyewe. Walipolileta, korti za huko zikawaambia mmechelewa, mngelisema mwanzo. Wote wawili waliuawa 1999. Mahakama ya Hague ilisema mwaka 2001 kwamba Marekani ilivunja mkataba, lakini watu walishakufa.

Hatua ya 5: onyesha kilichoharibika. Kosa la kutojulisha halimtoi mtu ndani. Kwenye kesi ya Avena ya 2004, Meksiko iliomba hukumu za raia wake zifutwe na haikupewa hiyo, ilichopewa ni kwamba hukumu zipitiwe upya na korti ipime kama kosa lile lilimuumiza mshtakiwa. Kwa hivyo funga kamba kati ya kosa na madhara. Kwa kijana wetu: konsula angempata Ijumaa usiku au Jumamosi mapema, angetafutiwa wakili na mkalimani, asingesaini asichokielewa. Wakili alipinga karatasi ile na upande wa mashtaka haukuitumia tena.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mdau wa Kayole: sasa "bila kuchelewa" ni saa ngapi hasa?*
Kaka, mkataba hautaji saa. Si lazima iwe kabla ya mahojiano, ila kwenye kesi ya Jadhav ya 2019, Pakistani ilikaa kama wiki tatu kabla ya kuijulisha India na mahakama ikasema hiyo ni kuvunja mkataba.

*Mama wa Eastleigh: jirani yangu ni mkimbizi, kwao ndiko alikokimbia, bado niwapigie ubalozi?*
Hapana mama, tafadhali usipige! Haki ni yake, akikataa imekwisha, na polisi nao hawatakiwi kuujulisha bila yeye kutaka. Tafuta wakili na UNHCR, na usitaje habari zake za ukimbizi kwa mtu yeyote wa ubalozi.

*Mdau wa Rongai: konsula anaweza kumlipia dhamana?*
Mkataba unampa haki ya kumtembelea, kuongea naye, kuandikiana na kumpangia wakili. Pesa haimo. Na hawezi kumwamuru hakimu kitu.

*Dada wa Kasarani: Diallo alilipwa kwa sababu ubalozi haukujulishwa?*
Swali zuri dada. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa dola 95,000, lakini fidia hiyo ilikuwa ya kufungwa na kufukuzwa isivyo halali. Kwa kutojulisha, alichopata ni mahakama kutamka kwamba mkataba ulivunjwa.