Kabla ya kumpeleka mtoto kumwona baba yake gereza la Ruanda, Mbeya

Kaka yangu alipofungwa, mwanawe alikuwa na miaka sita. Nyumba nzima pale Uyole tukakubaliana kumwambia kwamba baba yuko Chunya machimboni. Uongo ule ulidumu mpaka mtoto wa jirani alipomropokea bombani. Nilipomkalisha chini, nikagundua kwamba muda wote aliamini baba kamkimbia kwa sababu siku moja alimwaga uji. Watoto wa umri huo hujitwisha lawama namna hiyo usipowaambia kitu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria nauli, sema ukweli, kwa maneno machache: "Baba alichukua pesa za watu. Ni kosa, na hakimu ameamua akae gerezani. Wewe hukufanya kitu. Kule anakula, analala, na bado ni baba yako." Usiingie kwenye habari za kesi, wala usiseme baba ni mtu mbaya.

Atauliza atarudi lini. Kaka alipewa miaka mitatu, na mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida hupunguziwa theluthi moja, ikabaki miwili. Mimi nilimhesabia yote mitatu, kwa mavuno: "Mahindi yatavunwa mara tatu." Akitoka mapema, mtoto atafurahi, ukitaja mawili na baba asitokee, umemdanganya tena. Kama mzazi bado ni mahabusu, usitaje muda kabisa, maana kesi huahirishwa. Mwambie tu kwamba hakimu hajaamua.

Safari ya kwanza nenda peke yako. Uliza askari magereza siku za kutembelea, kama watoto wanaruhusiwa, na vitu gani vinapokelewa. Mwandae na mzazi mwenyewe: mkubaliane maneno yaleyale, na asiahidi kurudi wiki ijayo ili tu mtoto anyamaze.

Usiku wa kuamkia safari, msimulie mtoto atakachokiona. Kuna ukuta na geti, mtapekuliwa, askari atakuwa karibu akisikiliza. Baba atakuwa amevaa nguo za gereza, huenda amenyolewa na kukonda. Huenda asiweze kumpakata, na muda utakuwa mfupi. Hili la kupakatwa nililisahau, na ndilo lililomliza mtoto wetu njia nzima ndani ya daladala.

Akirudi anaweza kukojoa kitandani au kukasirika ovyo siku kadhaa. Hiyo pekee isikufanye ukatize ziara. Ikiendelea kwa wiki nyingi, mwone afisa ustawi wa jamii. Lakini kama mzazi alifungwa kwa kumdhuru mtoto huyo au mama yake, usimlazimishe kwenda. Afisa huyo ashirikishwe kabla.

Miezi ambayo nauli haikupatikana tulituma barua. Gereza huzisoma, kwa hiyo hatukuandika lolote la kesi. Mtoto alikuwa akiweka kiganja kwenye karatasi na kukizungushia penseli, ili baba apime kimekua kiasi gani. Baba naye akarudisha cha kwake, na mtoto akakibandika ukutani juu ya mto wake.