Kinundu si uvimbe: skani ya mapafu kwa aliyevuta sigara miaka mingi

Mimi ni mkalimani wa hospitali huko Ohio, na nimewahi kumwona mtu aliyepitisha wiki tatu bila usingizi kwa ajili ya neno moja. Mkalimani wa simu alimwambia kwamba skani imeonyesha uvimbe kwenye pafu. Kwetu, uvimbe ndani ya mwili ni saratani, na mzee yule alikuwa ameshaanza kuuliza gharama za kusafirisha maiti hadi Mombasa. Daktari hakuwa amesema uvimbe. Alisema kinundu, yaani kidoa cha duara kwenye picha, na vidoa vingi vya namna hiyo ni makovu tu.

Nitamfuata mzee huyo hadi mwisho, ila nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alizaliwa 1963 na aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kabla ya kuja Marekani. Alipofika kwa daktari wake alikuwa na miaka 61, hana kikohozi wala hapungui uzito. Daktari alitaka kujua kama anastahili skani ya mwaka ya kutafuta saratani ya mapafu mapema, akamuuliza alivuta pakiti ngapi kwa siku. Mzee akacheka. "Mwanangu, mwambie sisi tulikuwa tunanunua moja moja."

Hapo ndipo watu wetu wengi wanapokwama, kwa sababu Marekani wanapima uvutaji kwa hesabu ya pakiti na miaka. Pakiti moja ni sigara 20. Ukivuta pakiti moja kila siku kwa mwaka mmoja, umepata alama moja. Kwa hiyo aliyekuwa akinunua rejareja achukue sigara zake za siku moja, agawanye kwa 20, kisha azidishe kwa miaka. Tulikaa na mzee tukahesabu. Kuanzia 1983 hadi 1993 alivuta kama nane kwa siku, na hiyo ni alama 4. Kuanzia 1993 hadi 2010, barabarani usiku na mchana, alimaliza pakiti nzima kila siku, alama 17. Alipofika Marekani akapunguza hadi sigara kumi kwa miaka minne, alama 2, akaacha 2014. Jumla ni 23.

Kwa mwongozo wa Marekani wa 2021, anayestahili skani hii ni mtu wa miaka 50 hadi 80, mwenye alama 20 au zaidi, ambaye bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Mzee alikuwa ndani, na ataendelea kuwa ndani hadi 2029. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inaishia miaka 77 badala ya 80, na kabla ya skani ya kwanza inataka ukae na daktari mzungumzie faida na hasara. Shisha, ugoro, na moshi wa kuni uliotufukuza jikoni havimo kwenye hesabu, japo moshi huo haukutuacha salama. Nao hawampimi mtu ambaye ugonjwa mwingine umemdhoofisha kiasi kwamba asingeweza kufanyiwa upasuaji wa pafu, kwa sababu kuiona saratani bila uwezo wa kuitoa hakumsaidii.

Wanaoishi Uingereza wana utaratibu mwingine. Mpango wa NHS, huduma ya afya ya serikali, unawalenga wa miaka 55 hadi 74 waliowahi kuvuta. Unapata barua, unahojiwa kuhusu afya yako, na wakiona hatari yako ni kubwa unaitwa kwa skani, mara nyingi kwenye trela lililoegeshwa karibu na supamaketi. Programu bado inasambazwa eneo kwa eneo. Tatizo ni kwamba majina yanatoka kwenye faili la daktari wako wa familia. Ukijiandikisha kliniki huku binti yako amesimama pembeni, ukajibu kwamba hujawahi kuvuta, barua haitakufikia. Nimesikia haya zaidi kwa kina mama, ambao kwao kukiri sigara ni aibu kubwa kuliko ugonjwa. Faili linaweza kusahihishwa kwa simu moja.

Skani yenyewe, CT ya mionzi midogo, haina makuu. Unalala chali kwenye meza, mikono juu ya kichwa, unaambiwa uvute pumzi na uishikilie sekunde chache, basi. Hakuna sindano wala dawa ya kunywa. Mionzi yake ni karibu moja ya tano ya ile ya skani ya kawaida ya kifua, na ndiyo maana inaweza kurudiwa kila mwaka. Eksirei haiwezi kuchukua nafasi yake. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011, watu zaidi ya 53,000 waligawanywa makundi mawili, nusu wakapigwa eksirei na nusu skani hii, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 upande wa skani.

Asilimia 20 inasikika vizuri, lakini mimi huwaambia watu waihesabu kwa vichwa. Katika kila watu 1,000 wa eksirei, 21 walikufa kwa saratani ya mapafu. Katika 1,000 wa skani, walikufa 18. Watatu waliokolewa. Kwa upande wa pili, katika hao 1,000 wa skani, 365 waliambiwa angalau mara moja kwamba kuna kitu cha kufuatilia, halafu ikaonekana si saratani. Kati yao 25 walifikia kuchomwa sindano ya kutoa nyama, kuingizwa kamera kwenye njia ya hewa au kupasuliwa, na watatu wakapata madhara makubwa. Siku hizi vipimo vya kuamua kinundu kipi kifuatiliwe vimebanwa, na kengele za uongo zimepungua. Data ya utafiti uleule ilipopitiwa kwa vipimo hivyo vipya, wenye kengele ya uongo kwenye skani ya kwanza walishuka kutoka kama 27 hadi 13 katika kila 100.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye idadi hiyo. Baadhi ya saratani zinazogunduliwa hukua polepole mno, kiasi kwamba mwenyewe angekufa kwa jambo lingine bila kujua anayo. Huyo anapasuliwa kwa kitu ambacho kisingemdhuru, na hakuna anayeweza kumtambua mapema.

Turudi kwa mzee. Ripoti yake iliandikwa Lung-RADS 4A. Hiyo Lung-RADS ni ngazi ambayo wasomaji wa picha Marekani wanaitumia. Ngazi ya 1 na 2 maana yake rudi baada ya mwaka. Ya 3 ni rudi baada ya miezi sita. 4A mara nyingi ni miezi mitatu, na 4B ndiyo ya kwenda haraka kwenye vipimo zaidi. Kinundu chake kilikuwa kigumu, milimita 9, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kingekuwa chini ya milimita 6 wangemwambia arudi mwakani tu.

Pembeni ya kinundu palikuwa na kovu, na hapo ndipo mkalimani anapata kazi. Mzee aliugua kifua kikuu 1996 akameza dawa miezi minane, lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Wengi hawasemi, wakiogopa kwamba itagusa makaratasi ya uhamiaji. TB iliyotibiwa na kupona ni historia ya hospitali tu, na msomaji wa picha anaihitaji sana, kwa sababu makovu ya TB hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na saratani ya wavutaji hupenda hapohapo. Ukifika ukiwa na historia hiyo, iseme kabla ya skani, pamoja na mwaka na muda wa dawa. Ukiwa na mafua makali au nimonia, sema pia, wakusogezee tarehe, kwani maambukizi huacha vidoa vinavyopotea vyenyewe.

Vilevile lete picha za zamani. Waliokuja na viza ya uhamiaji walipigwa eksirei kabla ya kusafiri, na wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaukumbuka ule mfuko wa IOM, shirika la uhamiaji, walioambiwa wasiufungue wala wasiupoteze. Mzee alikuwa na sidii yake ya 2009 ndani ya sanduku. Ilionyesha kovu lilikuwapo tangu wakati huo, kwa hiyo kovu likatolewa kwenye hesabu. Kinundu hakikuonekana, kwa sababu eksirei mara nyingi haioni kitu cha milimita 9, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kilikuwapo au la. Ilibidi kusubiri.

Miezi mitatu ya kusubiri ndiyo matibabu yenyewe, ingawa inaonekana kama uzembe. Kidoa cha maambukizi hupungua, kovu hubaki lilivyo, saratani hukua, na kwa ngazi hii kukua ni kuongezeka kwa zaidi ya milimita 1.5 ndani ya mwaka. Mzee aliniuliza kwa nini wasimchome sindano leo amalize. Sindano inaweza kutoboa pafu hewa ikavuja, na kinundu kidogo ni rahisi kukikosa. Akauliza kuhusu skani ya PET, ambayo jirani yake aliisifia. Hiyo huwaka mahali penye saratani, lakini huwaka pia penye TB au uvimbe wa maambukizi, na kwa mtu wa kwetu jibu lake linaweza kuongeza utata. Lakini msikubali pia kuambiwa haraka haraka kwamba ni TB ya zamani. Saratani inaweza kuota kando ya kovu, na dalili nzuri ya kovu ni kuona lote limejaa chokaa au halijabadilika.

Jambo lililomkasirisha zaidi lilikuwa bili. Skani ya mwaka ni bure chini ya bima nyingi za Marekani, na msimbo wake kwenye bili ni 71271. Skani ya kufuatilia baada ya miezi mitatu ilikuja na 71250, ya uchunguzi wa kawaida, na bima ikamwachia sehemu ya kulipa. Si makosa, ndivyo ilivyo mara nyingi, ila mtu angemwambia mapema. Piga simu bima yako kabla ya kurudi na utaje msimbo 71250.

Neno lingine la kuwa nalo macho ni "positive". Likitafsiriwa chanya, mgonjwa anafurahi. Likitafsiriwa "umekutwa nayo", anazimia. Mwambie mkalimani aseme ngazi, milimita, na tarehe ya kurudi.

Haya yote ni ya mtu asiye na dalili. Ukikohoa damu, sauti ikikauka wiki kwa wiki, au ukikonda bila sababu, usijipange foleni ya skani ya mwaka wala usihesabu alama. Hiyo ni safari nyingine, na daktari akuone wiki hii hii.

Kinundu cha mzee kilikuwa milimita 9 ileile baada ya miezi mitatu. Akashushwa ngazi ya 3, akarudi baada ya miezi sita, bado 9, akashushwa ya 2. Skani hiyohiyo ilionyesha chokaa nyingi kwenye mishipa ya moyo wake, na siku hizi anameza dawa ya kolesteroli kila usiku. Sidii ya 2009 ameirudisha sandukuni.