Somo: Kulinda masikio na tumbo la mgonjwa wa kifua kikuu sugu

Mgonjwa anayechomwa amikasini hupoteza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, za hezi 4000 kwenda juu, ambazo mazungumzo ya kawaida hayazitegemei sana. Kwa hiyo atakujibu vizuri ukimjulia hali, ilhali seli za sikio la ndani zimeshaanza kufa, nazo hazioti tena. Ndiyo maana nashauri matibabu ya vidonge pekee kila yanapomfaa mgonjwa. Pale sindano isipoepukika, fuateni hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni kupima usikivu kwa mashine kabla ya sindano ya kwanza, kisha kila mwezi.

Hatua ya pili ni kulinganisha vipimo. Mama mmoja niliyemhudumia alianza kwa kusikia sauti ndogo ya desibeli 15 kwenye hezi 6000 na pia kwenye 8000. Mwezi wa pili sauti ilibidi ipandishwe hadi 30 na 40 ndipo aisikie. Alisikia kila neno nililomwambia, ila alilalamika kwamba usiku masikio yanamlilia kama nyenje. Ongezeko la desibeli 20 katika kiwango kimoja cha hezi, au 10 katika viwili vinavyofuatana, linatosha kuonyesha kwamba dawa imeanza kudhuru. Daktari alisimamisha amikasini siku hiyohiyo na kuweka mahali pake dawa nyingine yenye nguvu dhidi ya vimelea vyake, kwa kuwa kupunguza dawa bila kuziba pengo huvipa vimelea nafasi ya kuzidisha usugu.

Hatua ya tatu ni kushughulikia kichefuchefu, ambacho mara nyingi huletwa na ethionamaidi. Tazama kwanza macho na uulizie mkojo: macho yakiwa ya manjano au mkojo umekolea rangi, dawa zisimamishwe na ini lipimwe siku hiyohiyo. Kwa mama huyu ini lilikuwa salama, lakini msimamizi wake alikuta vidonge viwili vimefungwa kwenye pembe ya leso. Hatukumkaripia, tulimwuliza ni saa ngapi tumbo humsumbua, tukahamishia ethionamaidi wakati wa kulala, na daktari akaongeza metoklopramidi nusu saa kabla ya kumeza. Leso haikuficha kidonge tena.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, akitapika arudie dozi?
Jibu: Akitapika ndani ya nusu saa, au vidonge vikionekana kwenye matapishi, arudie. Muda huo ukishapita, asubiri dozi inayofuata, na kutapika huko kuandikwe kwenye kadi.

Swali: Naweza kumpa ondansetroni ya kuzuia kutapika mgonjwa anayemeza bedakwilini ya kifua kikuu?
Jibu: Usimpe kwa uamuzi wako, ndugu yangu. Zote mbili huweza kuvuruga umeme wa moyo, kwa hiyo daktari aone kwanza kipimo cha moyo.

Swali: Sindano ikisimamishwa, usikivu hurudi?
Jibu: Uliopotea kwa kawaida haurudi, na unaweza kuendelea kushuka hata baada ya sindano kukoma. Endelea kumpima, na umpeleke mapema kwa wataalamu wa vifaa vya kusaidia kusikia.